Kusawazisha Saa za Mtaalamu Mmoja Katika Miradi Mitatu

Ofisi ya wahandisi washauri yenye mhandisi mmoja tu wa miundo huwa na tatizo ambalo halionekani katika mpango wa mradi wowote ukiusoma peke yake. Meneja wa magorofa ya Ruaka amemwekea mhandisi huyo saa 16 katika wiki ya pili, meneja wa godauni la Athi River amemwekea saa 24, na meneja wa shule ya Kasarani amemwekea saa 12. Kila mmoja wao yuko ndani ya wiki ya kazi ya saa 40, na hakuna aliyekosea hesabu. Kosa linaonekana pale tu mipango yote mitatu inapolazwa juu ya meza moja, kwa sababu jumla yake ni saa 52, na mhandisi ni yule yule.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kusawazisha saa hizo kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kutumia mfano mmoja wa wiki sita. Majina ya maeneo ni ya kweli, lakini miradi yenyewe nimeitunga ili hesabu ziwe chache na zifuatike kwa kalamu. Ofisi iko Upper Hill, na wiki ya kwanza inaanza Jumatatu tarehe 28 Septemba.

Hatua ya kwanza: tafuta saa zilizopo kweli

Waratibu wengi huanza na saa 40, yaani saa nane kwa siku tano, na hapo ndipo mpango unapoharibika kabla ya kuanza. Mwombe mtaalamu aandike kwa wiki mbili kila kitu anachofanya kisicho na jina la mradi, kwenye daftari la kawaida, bila kujitetea wala kupamba. Katika mfano wetu, daftari linaonyesha mkutano wa Jumatatu wa saa mbili, simu na maswali ya mafundi ya takriban saa tatu kwa wiki, na saa moja ya kusaidia kuandika zabuni. Hizo ni saa sita. Juu yake ninaweka akiba ya saa nne ambazo hazigawiwi mradi wowote, kwa sababu kila wiki katika ujenzi huleta jambo ambalo halikupangwa. Zinabaki saa 30.

Watu hupinga akiba hiyo. Meneja atakuuliza kwa nini mtu anayelipwa saa 40 anapangiwa 30, na swali lake ni la haki. Jibu lake ni kwamba hizo saa kumi zinatumika kila wiki upende usipende, na tofauti ni moja tu: kama hukuzitenga, zinachukuliwa kutoka kwa mradi wa yule meneja asiyepiga kelele. Ukiona baada ya miezi miwili kwamba akiba haiguswi, ipunguze hadi saa mbili. Ukiona inaisha kila wiki kabla ya Jumatano, basi ulichokiita akiba ni kazi ya kawaida ambayo haijaandikwa.

Kuhusu safari, sheria yangu ni kuihesabu ndani ya kazi inayoisababisha. Kukagua vyuma vya slabu kule Ruaka kunaweza kumchukua mhandisi saa tatu na nusu akiwa juu ya ghorofa, lakini kwenda na kurudi katika msongamano wa magari wa asubuhi kunafanya kazi hiyo iwe ya saa sita, na saa sita ndizo zinazoingia kwenye jedwali.

Hatimaye toa sikukuu na likizo. Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba, na katika kalenda yetu inaangukia Jumanne ya wiki ya nne. Wiki hiyo inapoteza saa nane, na kwa kuwa mkutano na simu bado vipo, zinabaki saa 22. Kwa hiyo uwezo wa wiki sita ni 30, 30, 30, 22, 30 na 30, ambao jumla yake ni saa 172.

Hatua ya pili: andika kazi kwa saa, siyo kwa asilimia

Meneja akikwambia "nahitaji nusu ya mhandisi mwezi huu", usiandike chochote. Watatu wakitaka nusu nusu, tayari una mtu na nusu, na bado hujui ni kazi gani inayoweza kusogea. Muulize kila meneja maswali manne: kazi ni ipi, inahitaji saa ngapi za mhandisi mwenyewe, umeipanga wiki gani, na wiki ya mwisho kabisa ambayo inaweza kuisha bila kuchelewesha mradi ni ipi. Swali la nne ndilo la thamani zaidi. Tofauti kati ya wiki iliyopangwa na wiki ya mwisho inayowezekana nitaiita nafasi, na kusawazisha kote ni sanaa ya kutumia nafasi bila kuimaliza ovyo.

Ruaka wana kazi tatu. Ya kwanza ni kukagua vyuma vya slabu ya ghorofa ya pili kabla ya zege kumwagwa, saa sita, wiki ya pili. Ya pili ni kusanifu ngazi ya dharura ya nje pamoja na kitako cha tangi la maji juu ya paa, saa 20, iliyopangwa wiki ya pili na ya tatu kwa saa kumi kumi, ingawa ikiisha wiki ya tano bado haitamkwamisha fundi. Ya tatu ni ukaguzi wa slabu ya ghorofa ya tatu, saa sita, wiki ya tano.

Athi River wana mbili. Hesabu na michoro ya fremu ya chuma na misingi ya godauni ni saa 48, iliyopangwa saa 24 wiki ya kwanza na 24 wiki ya pili, na lazima iishe mwisho wa wiki ya pili ili iwasilishwe kwa kaunti kwa idhini. Haina nafasi. Baadaye kuna kuhakiki michoro ya kiwanda kitakachokata chuma, saa 16, wiki ya nne, yenye nafasi ya wiki moja.

Kasarani, shule inataka kuongeza ghorofa moja juu ya jengo la zamani. Kwanza kuna kupima zege iliyopo kwa nyundo ya kupimia ugumu na kifaa cha kutafuta vyuma vilivyofunikwa, siku nzima ya saa nane, wiki ya kwanza. Kisha ripoti ya saa 24, wiki ya pili na ya tatu. Halmashauri ya shule inaisoma kwa wiki moja, halafu mhandisi anachora namna ya kuimarisha nguzo, saa 20, wiki ya tano. Mradi huu kwa jumla unaweza kuchelewa wiki mbili.

Zingatia neno hilo "kwa jumla". Meneja wa Kasarani ataandika nafasi ya wiki mbili mbele ya vipimo, wiki mbili mbele ya ripoti na wiki mbili mbele ya michoro, na msomaji mwenye haraka ataona wiki sita. Ukweli ni kwamba ni wiki mbili zile zile zinazogawanywa na kazi tatu zinazofuatana. Ukichelewesha vipimo kwa wiki mbili, ripoti na michoro hazina tena hata siku moja. Kazi ya ngazi na tangi kule Ruaka haiko hivyo, kwa kuwa hakuna kazi nyingine ya mhandisi inayoisubiri, na nafasi yake ni yake peke yake. Tofauti hii itaamua jambo muhimu hapo mbele.

Hatua ya tatu: jumlisha kwa wiki

Weka kila kazi kwenye jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila wiki ambayo kazi inaigusa. Safu A ni mradi, B ni kazi, C ni mtaalamu, D ni namba ya wiki, E ni saa. Jumla ya wiki ya pili inapatikana hivi:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"Mhandisi",D:D,2)
```

Kwa mfano wetu hali ni hii:

| Wiki | Saa zilizopo | Saa zilizopangwa |
|---|---|---|
| 1 | 30 | 32 |
| 2 | 30 | 52 |
| 3 | 30 | 22 |
| 4 | 22 | 16 |
| 5 | 30 | 26 |
| 6 | 30 | 0 |

Kabla ya kusogeza chochote, linganisha jumla mbili. Kazi zote ni saa 148, na uwezo wa wiki sita ni 172, kwa hiyo kusawazisha kunawezekana. Lakini uwezo wa wiki tano za kwanza ni 142 tu, nazo kazi zote zimepangwa ndani ya wiki hizo tano. Hii ina maana kwamba hata mpangaji hodari kuliko wote hawezi kuepuka kusukuma angalau saa sita hadi wiki ya sita. Mwambie bosi jambo hilo sasa, kabla hajaanza kutarajia muujiza. Na kama jumla ya kazi ingezidi 172, ungefunga jedwali hapo hapo, kwa sababu kusawazisha huhamisha saa na hakuzai saa. Dawa ya hali hiyo ni kuahirisha mradi, kumkodi mhandisi wa nje, au kumpunguzia mhandisi sehemu ya kazi ambayo fundi sanifu anaweza kuifanya.

Hatua ya nne: amua nani anapita kwanza, kabla ya kusogeza

Bila utaratibu uliokubaliwa, kazi inayopita kwanza ni ya meneja anayekaa karibu na dawati la mhandisi. Utaratibu ninaoutumia una ngazi tatu. Inatangulia kazi iliyofungwa na tukio la nje lisilomngoja mtu. Inafuata kazi yenye nafasi ndogo zaidi. Zikilingana, inapita ile yenye kazi nyingine nyuma yake inayoisubiri.

Ukaguzi wa vyuma uko ngazi ya kwanza, na inafaa nieleze kwa nini ninaulinda hivyo ingawa ni saa sita tu. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani, wiki kama hii ya saa 52 ilimkuta mhandisi akipanda juu ya slabu saa moja jioni, akimulika kwa tochi ya simu. Alipima nafasi kati ya ringi kwenye boriti mbili, ya tatu giza likamshinda, akatia saini. Zege ikamwagwa asubuhi. Siku chache baadaye tulikuwa tunatazama picha za fundi mwenyewe, na kwenye boriti ile ya tatu ringi zilionekana zimeachana karibu mara mbili ya zilivyochorwa. Gharama ya kuiimarisha boriti ile ilizidi mara nyingi saa mbili za mchana ambazo hatukumpa. Hakuna aliyekuwa mzembe siku ile. Mpango ndio uliomtuma mtu kukagua gizani.

Utaratibu huu auidhinishe mkurugenzi, siyo wewe mratibu. Wewe huna mamlaka ya kumwambia meneja wa shule kwamba godauni ni muhimu kuliko shule, na ukijaribu utatumia miezi mitatu ukibishana kwenye korido. Mkurugenzi akishatia saini karatasi yenye mistari mitatu, ugomvi unahamia ofisini kwake, na mara nyingi hauanzi kabisa.

Hatua ya tano: panga upya, kazi moja baada ya nyingine

Chukua jedwali tupu lenye uwezo wa kila wiki, uingize kazi kwa mfuatano wa utaratibu huo.

Ukaguzi wa Ruaka unaingia wiki ya pili na ya tano, saa sita sita, na hauguswi tena. Kisha godauni la saa 48 lisilo na nafasi. Wiki ya pili sasa ina saa 24 tu baada ya ukaguzi, na ukizijaza zote kwa godauni kama meneja alivyopanga, wiki hiyo imejaa kabisa. Jaribu kinyume: mpe godauni wiki ya kwanza yote, saa 30, na saa 18 wiki ya pili. Kazi imeanza siku ile ile na itaisha kabla ya tarehe yake, na wiki ya pili inabaki na saa sita. Hata hivyo, kuiwahisha kazi namna hii kuna sharti ambalo jedwali halilijui. Athi River ina maeneo mengi ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mhandisi hawezi kuhesabu misingi bila ripoti ya udongo. Kwa hiyo kabla ya kuandika 30, piga simu uulize kama ripoti iko mkononi Jumatatu asubuhi. Ikiwa itafika Alhamisi, mhandisi ataanza na fremu, na lazima umuulize yeye kama fremu peke yake inatosha kumshughulisha siku tatu.

Sasa vipimo vya Kasarani vya saa nane. Wiki ya kwanza imejaa, na wiki ya pili ina saa sita. Zinakosekana saa mbili tu, na hapa ndipo kishawishi kinapokuja, kwa sababu akiba ya saa nne iko pale inakutazama. Usiiguse wakati wa kupanga. Akiba iliyogawiwa siku ya kwanza siyo akiba tena. Vipimo pia havigawanyiki, maana hakuna anayepeleka watu na vifaa Kasarani mara mbili kwa ajili ya saa mbili. Vinakwenda wiki ya tatu.

Zile saa sita za wiki ya pili zifanye nini? Zinaweza kumezwa na kazi ya ngazi na tangi, lakini kuanza kazi ya saa 20, kuitelekeza baada ya saa sita na kuirudia wiki tatu baadaye ni hasara, kwani mhandisi atatumia saa nzima kukumbuka alichokuwa akifikiria. Nilipomuuliza mhandisi mmoja kama kazi ya aina hii inakatika, mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Injinia, ngazi na tangi ni kitu kimoja?"

"Ni wewe umeziandika mstari mmoja. Ngazi ni saa sita, naimaliza na kuifunga. Tangi ni hesabu nyingine kabisa."

Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kukata kazi yoyote vipande: inakatika wapi yenyewe? Ngazi inaingia wiki ya pili, saa sita, na inakwisha. Tangi linabaki kazi kamili ya saa 14.

Wiki ya tatu ina vipimo saa nane, zimebaki 22. Wanaozitaka ni wawili: ripoti ya Kasarani ya saa 24, na tangi la saa 14. Zote mbili zinaweza kuisha wiki ya tano, kwa hiyo nafasi zao zinalingana kwenye karatasi. Ukianza na tangi, ripoti itasogea hadi wiki ya tano, halmashauri itaisoma wiki ya sita, na michoro ya nguzo itaanguka wiki ya saba, ambayo ndiyo mwisho kabisa wa nafasi ya mradi ule. Ukianza na ripoti, itachukua saa 22 wiki ya tatu na mbili za mwisho wiki ya nne, halmashauri itasoma wiki ya tano, na michoro itafanywa wiki ya sita huku mradi ukibaki na wiki moja mkononi. Tangi linangoja wiki ya tano bila kumuumiza yeyote. Ngazi ya tatu ya utaratibu imefanya kazi yake.

Kuhakiki michoro ya chuma kunabaki wiki ya nne, saa 16, pamoja na zile mbili za ripoti. Zinabaki saa nne katika wiki ya Mashujaa, nami ningeziacha wazi badala ya kuzijaza kipande cha tangi. Matokeo ni haya:

| Wiki | Zilizopo | Kazi | Jumla |
|---|---|---|---|
| 1 | 30 | Godauni 30 | 30 |
| 2 | 30 | Ukaguzi 6, godauni 18, ngazi 6 | 30 |
| 3 | 30 | Vipimo 8, ripoti 22 | 30 |
| 4 | 22 | Ripoti 2, kuhakiki 16 | 18 |
| 5 | 30 | Ukaguzi 6, tangi 14 | 20 |
| 6 | 30 | Michoro ya nguzo 20 | 20 |

Jumla bado ni 148, kwa hiyo hakuna saa iliyopotea wakati wa kuhamisha. Fanya ukaguzi huo kila mara. Ni rahisi kufuta mstari mmoja bila kujua na kujipongeza kwamba mzigo umepungua.

Wanaotumia Microsoft Project wanaweza kuunganisha miradi yote kwenye kundi moja la wataalamu, kisha wakaamuru programu isawazishe. Itafanya, lakini weka mambo matatu kwanza. Ukaguzi uupe `Priority` ya 1000, kwa kuwa kazi yenye namba hiyo haisogezwi kamwe. Washa `Level only within available slack` unapotaka kuona kama mzigo unatosha bila kuchelewesha mwisho wa mradi, na zima `Leveling can create splits in remaining work`, la sivyo programu itakukatia kazi vipande mahali ambapo hazikatiki. Kwa mtaalamu mmoja na kazi chini ya ishirini, mimi naona jedwali la Excel linatosha, na lina faida kwamba mhandisi mwenyewe anaweza kulisoma.

Hatua ya sita: ruhusu mpango uguswe mara moja kwa wiki

Mpango utaguswa na hali halisi kabla ya wiki mbili kuisha. Tuseme Jumatano ya wiki ya pili mwanakandarasi wa Ruaka anapiga simu: pampu ya zege imeharibika, kumwaga kumeahirishwa hadi Jumanne ijayo. Ukaguzi wa saa sita unaruka kutoka wiki ya pili hadi ya tatu, ambayo imejaa. Mratibu asiye na jedwali atafikiri amepewa zawadi ya saa sita, na wiki ijayo atakuwa na saa 36 ndani ya 30.

Tazama badala yake kilicho wazi. Wiki ya pili sasa ina saa sita huru, na akiba ya saa nne ambayo haijaguswa. Vipimo vya Kasarani ni saa nane. Hii ndiyo siku ambayo akiba iliwekwa kwa ajili yake. Ukimpigia mwalimu mkuu Jumatano na akakubali vipimo vifanywe Ijumaa, na wenye vifaa wakapatikana, wiki ya pili inakuwa godauni 18, ngazi sita na vipimo nane, yaani 32, ikila saa mbili za akiba. Wiki ya tatu inabaki na ukaguzi sita na ripoti yote 24, jumla 30 kamili. Ripoti inakwisha wiki ile ile iliyoahidiwa na mpango wa awali, kabla ya kusawazisha.

Hapo meneja wa Kasarani atafurahi na kutaka michoro ya nguzo irudi wiki ya tano. Angalia kabla ya kukubali. Wiki ya tano ilikuwa na ukaguzi wa ghorofa ya tatu, lakini kwa kuwa slabu ya ghorofa ya pili imechelewa, hiyo ya tatu nayo inasogea hadi wiki ya sita. Wiki ya tano inabaki na tangi la saa 14. Ukiongeza michoro 20 unapata 34, na umerudi ulikotoka. Michoro inabaki wiki ya sita, na pamoja na ukaguzi inafanya saa 26. Ukaguzi unaosogea huburuta ndugu zake, kwa hiyo kila unapohamisha tukio la ujenzi fuata mnyororo wake wote kabla ya kutangaza kwamba kuna nafasi.

Mabadiliko haya yafanywe katika kikao kimoja kifupi, mimi hupendelea Jumatano saa nane mchana, na yasifanywe kila simu inapolia. Ombi lililokuja Alhamisi lingoje Jumatano ijayo, isipokuwa lihusu zege inayomwagwa. Baada ya kikao, mpango wa wiki mbili zinazofuata ufungwe na upelekwe kwa mameneja wote kwa pamoja, ili kila mmoja aone pia saa za wenzake.

Dalili kwamba mpango umeanza kudanganya ni ndogo na huja mapema. Saa zilizoandikwa kwenye daftari la mhandisi zikizidi zilizopangwa kwa kazi ya aina ile ile mara tatu mfululizo, makisio yako ni mafupi na yanapaswa kurefushwa, siyo mhandisi kuharakishwa. Barua pepe zake zikianza kutoka saa nne usiku, jedwali linaweza kusema 30 lakini yeye anafanya 45. Na kazi zikiwa nyingi zilizofika asilimia 90 na hakuna iliyofungwa, umemkatia vipande vingi mno.

Katika kikao cha Jumatano hiyo hiyo ya pampu, mkurugenzi analeta ombi jipya: mteja wa Kitengela anataka michoro ya ukuta wa kuzuia udongo ihakikiwe, saa 12, "wiki ijayo kama inawezekana". Wiki ya tatu ina sifuri, wiki ya nne ina saa sita, wiki ya tano ina 16. Mratibu anaandika Kitengela kwenye mstari wa wiki ya tano, anamwonyesha mkurugenzi kwamba kuileta wiki ijayo kunamaanisha kusogeza nusu ya ripoti ya shule, na kumwachia kalamu.